Picha moja ya mafuriko, wateja watatu: tamko la uhariri likae wapi?

Picha ilipigwa Bwaise, mtaa wa Kampala, asubuhi, baada ya mvua ya usiku kucha. Mpiga picha ni kijana wa sekondari, senia ya tatu, na anayeonekana katikati ni mjomba wake, suruali imekunjwa hadi magotini, mkononi kashika fito iliyochorwa sentimita kwa kalamu nyeusi. Nyuma yake kuna mlango wa duka uliozibwa kwa magunia ya mchanga. Simu ilishikwa wima, kwa hiyo faili lina pikseli 3000 kwa upana na 4000 kwa kimo. Shikeni hizo namba, nitazirudia.

Mimi nahariri picha na kupanga kurasa Nasser Road, Kampala, barabara yenye sifa ya kughushi nyaraka, na sifa hiyo sitaitetea hapa. Ndani ya wiki mbili picha hiyo moja ilinifikia mara tatu: mtandao mmoja wa habari ulitaka itanuliwe, muuza gambuti alitaka iwe tangazo, na kijana mwenyewe alikuja na mradi wake wa shule. Wote watatu walitaka kitu kibadilishwe, na kila mmoja aliuliza kwa namna yake kama ni lazima kusema kwamba picha imehaririwa, na kama ni lazima, aseme wapi.

Hilo la "wapi" ndilo watu hulirukia haraka. Tamko linaweza kukaa juu ya picha yenyewe, likawa sehemu ya pikseli zake. Linaweza kukaa kwenye maelezo chini ya picha. Linaweza kutamkwa kwa sauti, kwenye video au redio. Na linaweza kufichwa ndani ya faili, mahali ambapo msomaji haoni ila programu inaona. Kabla ya kumshauri mtu nilifanya jaribio dogo, kwa sababu Uganda picha haiendi moja kwa moja kutoka kwa mhariri hadi kwa msomaji. Inapita WhatsApp, inapigwa skrinshoti, inakatwa kingo iingie kwenye stetasi, ndipo inamfikia shangazi yako Mbale.

Kwa programu ya ExifTool niliandika ndani ya faili asili ya picha, kwa msamiati wa IPTC, jumuiya inayoweka kanuni za taarifa za picha za habari. Msamiati huo una neno kwa picha iliyopigwa na kamera, neno kwa picha iliyotengenezwa yote na akili mnemba, na neno kwa mchanganyiko wa hizo mbili. Huu ulikuwa mchanganyiko:

```
exiftool -XMP-iptcExt:DigitalSourceType="http://cv.iptc.org/newscodes/digitalsourcetype/compositeWithTrainedAlgorithmicMedia" mafuriko.jpg
exiftool -DigitalSourceType mafuriko.jpg
```

Mstari wa kwanza unaandika, wa pili unasoma. Kisha nikaituma kwa simu ya pili, mara moja kama picha ya kawaida na mara moja kama hati, nikapiga skrinshoti, nikakata kingo. Matokeo ni haya:

| Tamko liko wapi | Ikitumwa WhatsApp kama picha | Ikipigwa skrinshoti | Ikikatwa kingo |
|---|---|---|---|
| Juu ya picha, pembeni | Linabaki, herufi ndogo zinafifia | Linabaki | Linapotea |
| Juu ya picha, ndani ya sehemu iliyobadilishwa | Linabaki | Linabaki | Linabaki, au linaondoka pamoja na uongo wenyewe |
| Kwenye maelezo ya chini | Anayesambaza akipenda anayafuta | Linategemea skrini imeonyesha nini | Linapotea |
| Ndani ya faili | Linafutwa | Linafutwa | Linategemea programu |

Nilipotuma kama hati, taarifa za ndani zilifika salama, kwa sababu WhatsApp huipeleka hati jinsi ilivyo bila kuibana. Lakini nani hutuma picha ya mafuriko kama hati?

Kuna toleo gumu zaidi la tamko la ndani, la C2PA, mpango ulioanzishwa mwaka 2021 na kampuni kama Adobe na Microsoft pamoja na BBC. Huko faili hubeba historia yake ikiwa na sahihi ya kidijitali. Mtu akiichezea historia hiyo, sahihi inavunjika na programu inakujulisha. Ni kazi nzuri, ila mtu hahitaji kuichezea. Anaweza kuiondoa yote kwa skrinshoti moja, na picha isiyo na historia haithibitishi lolote, si ukweli wala uongo. Kwa hiyo mimi huandika tamko la ndani kila mara, ni sekunde chache tu. Kwangu hilo ni kumbukumbu ya ofisini, si tamko kwa msomaji.

Mteja wa kwanza: habari

Mtandao wa habari ulitaka picha pana, ya 16 kwa 9, ijae juu ya ukurasa. Picha ya wima yenye kimo cha pikseli 4000 ikipanuliwa hivyo inahitaji upana wa pikseli 7111. Kamera ilileta 3000. Maana yake asilimia 42 ya picha mpya ni Bwaise, na asilimia 58 ni kitu ambacho programu imekibuni. Nilikibuni. Kazi ilikuwa nzuri kwa macho, maji yakaendelea kushoto na kulia, na upande mmoja likajitokeza duka la rangi ya buluu lenye kibao juu. Kwenye maelezo nikaandika kwamba pande mbili za picha zimeongezwa kwa kompyuta.

Mhariri wao alinakili picha, maelezo akayaacha. Jioni ile mkazi mmoja wa pale alinipigia, namba yangu ilikuwa kwenye kona ya picha. "Ndugu, hilo duka la buluu liko wapi? Mimi nimezaliwa hapa." Nikaikuza picha. Kibao cha duka hakikuwa na maneno, kilikuwa na vijiti vinavyofanana na herufi. Kwenye simu sikuviona.

Ningeweza kusema kosa lilikuwa la mhariri aliyeacha maelezo, na kwa siku mbili nilisema hivyo. Siku hizi nafikiri vingine: kwenye habari, picha ya tukio haiokolewi na tamko. Msomaji anaitazama kama ushahidi kwamba mahali fulani, saa fulani, hali ilikuwa hivi. Ukimwambia kwamba zaidi ya nusu si ushahidi, umempa kitendawili. Shirika la habari la AP liliweka msimamo huo Agosti 2023: picha iliyobuniwa na akili mnemba haitumiki kama picha ya habari, ila pale ambapo picha hiyo yenyewe ndiyo habari, na hapo inawekewa alama wazi. Na si akili mnemba tu. Machi 2024 mashirika makubwa ya picha yaliiondoa picha ya familia ya Kate, Binti Mfalme wa Wales, baada ya wahariri kuona mkono wa sweta ya binti yake Charlotte haukai sawa. Kate alisema mwenyewe kwamba alikuwa akijaribu uhariri. Hakuna aliyedai picha ile ni ya mafuriko au vita. Ilitosha kwamba imetolewa kama picha halisi, na sivyo.

Ningefanyaje basi? Kukata juu na chini kunabakisha pikseli 3000 kwa 1687. Unapoteza asilimia 58 ya picha, namba ile ile, lakini kilichobaki chote ni kweli. Au weka picha ya wima katikati na pande zake ujaze picha hiyo hiyo iliyotiwa ukungu mzito, kama televisheni zinavyofanya na video za simu. Haipendezi sana. Hakuna anayedhani ukungu ni duka.

Kuna mabadiliko ambayo habari inayahitaji, na hapo tamko lina kazi halali. Ukificha sura ya mtoto, andika kwamba sura imefichwa na mhariri, na uifiche kwa namna inayoonekana. Programu siku hizi zinakupa sura mpya ya mtoto asiyekuwepo mahali pa ukungu, na hiyo ni mbaya mara mbili. Na ukitaka kueleza jambo ambalo hakuna kamera iliyoliona, kama vile lundo la taka la Kiteezi lilivyoporomoka tarehe 10 Agosti 2024, chora mchoro unaoonekana mchoro, wenye mistari na mishale. Video inayofanana na ukweli, yenye tamko dogo pembeni, kesho yake itazunguka kama video ya Kiteezi.

Mteja wa pili: tangazo

Muuza gambuti alikuwa na maombi mawili. La kwanza, mjomba avalishwe gambuti zake. La pili, maji yapandishwe kidogo, "yafike karibu na ukingo wa kiatu, bosi, ndipo mtu aone faida."

Watu wengi watakuambia matangazo yote ni maigizo, kila mtu anajua, tamko la nini? Wana haki nusu. Njia ninayotumia ni kuuliza mnunuzi atatoa pesa kwa sababu ya sehemu ipi ya picha. Hapa hanunui Bwaise, ananunua kiatu. Mandhari ikibadilishwa, tamko linatosha. Kimo cha maji kwenye kiatu ni dai la biashara, na dai la biashara likibuniwa hata tamko la herufi za mkono mzima halilisafishi. Kwa hiyo ombi la pili nilikataa. Nilimwambia alete beseni na maji ya bomba, avae gambuti, tupige picha maji yakiwa pale pale anapotaka. Alileta. Maji yaliingia kwenye kiatu cha kushoto, mshono wa kisigino. Tukapiga kiatu kingine.

La kwanza nilikubali, kwa ridhaa ya mjomba. Sura yake ni taarifa yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka ridhaa, hata kama picha ilishazunguka WhatsApp yote. Alidai jozi moja ya gambuti, namba tisa.

Sasa tamko lenyewe. Kwenye tangazo lazima liwe juu ya picha, kwa sababu tangazo halina maelezo ya chini. Ukubwa ndiyo vita yenyewe, maana mteja atasema "weka, lakini iwe ndogo". Norwei, kwa picha za matangazo ambazo mwili wa mtu umerekebishwa, alama inatakiwa kufunika karibu asilimia 7 ya picha. Huko ni huko, lakini inaonyesha kwamba ukubwa unaweza kupimwa badala ya kubishaniwa. Kipimo changu: herufi ziwe na kimo cha sehemu moja kwa thelathini ya upana wa picha. Picha yenye upana wa pikseli 1080 inapata herufi za pikseli 36, na kwenye skrini ya simu yenye upana wa sentimita sita na nusu hizo ni milimita mbili na kitu. Chini ya hapo, WhatsApp ikishaibana, unabaki na vumbi jeupe.

Usiliweke kwenye kona ya chini kulia. TikTok huweka vitufe vyake upande huo na maandishi yake chini, tamko linafunikwa bila mtu kukusudia. Mimi nililiweka juu ya maji, sentimita chache kutoka kwenye kiatu: "Viatu vimewekwa kwa kompyuta. Maji na mahali ni halisi." Akitaka kulikata, atakata kiatu.

Angalia maneno hayo. Hayasemi "imetengenezwa kwa akili mnemba", yanasema nini kimebadilishwa. Mwaka 2024 Meta walianza kubandika lebo ya "Made with AI" kwenye picha, na wapiga picha wakalalamika kwamba picha halisi iliyofutwa doa tu inapata lebo sawa na picha iliyobuniwa yote. Julai mwaka huo lebo ikabadilishwa kuwa "AI info". Jina la chombo halimsaidii mnunuzi. Na kusema kweli, neno akili mnemba, au akili unde kama wengine wanavyoliita, nusu ya wateja wangu hawalijui, ila "kompyuta" kila mtu anaijua.

Kitufe cha lebo kilicho ndani ya TikTok kibonyeze, ni sharti lao kwa picha za akili mnemba zinazofanana na ukweli. Kumbuka tu kwamba lebo hiyo iko kwenye ukurasa wao, haiko ndani ya picha.

Muuza gambuti alitaka pia tangazo la sauti, lipigwe kwenye vipaza sauti vya mtaani, vile Waganda wanavyoviita bizindaalo, na akatengenezewa sauti ya "mteja aliyeridhika". Hapa hakuna pembe ya kuandika kitu, tamko ni la kutamka, na litamkwe kabla ya sauti hiyo, maana anayepita njiani hangoji mwisho. Mfano mzuri tunao kwenye vibanda vya sinema. VJ anatafsiri juu ya filamu, anaongeza utani wake, anamfanya Mchina aongee kama mtu wa Kalerwe, na hakuna anayedanganyika, kwa sababu sauti yake inasikika ndani ya filamu yenyewe mwanzo hadi mwisho. Tangazo la "mteja" likawa na mstari mmoja mwanzoni: "Sauti hii ni ya kuigiza." Likapoteza mvuto kidogo, mwenye duka akanuna, likapigwa hivyo hivyo.

Mteja wa tatu: shule

Kijana mwenyewe alikuja wa mwisho, na kazi yake ndiyo iliyonifundisha zaidi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unadai miradi, na asilimia 20 ya alama za UCE, cheti cha kumaliza sekondari ya chini, hutokana na kazi zinazofanyika shuleni. Mradi wake ulihusu mfereji ulioziba taka. Alitaka mambo mawili: picha ya mjomba ing'arishwe ionekane vizuri kwenye karatasi, na itengenezwe picha ya mfereji ule ule ukiwa safi.

"Kung'arisha si kubadilisha, anko," akaniambia. "Hilo la kwanza sihitaji kulisema."

Nami nilidhani hivyo. Nikaipitisha kwenye programu ya kuongeza ukali wa picha, ikatoka imenyooka, hata nyuzi za magunia unaziona. Kisha nikasoma fito. Kwenye picha ya asili maji yalifika kwenye 34, hafifu lakini inasomeka. Kwenye picha kali iliandikwa 84, safi kabisa. Programu za aina hiyo haziongezi tu ukali, zinakisia. Zikikuta alama hafifu zinachora kitu kinachofanana na zilichofunzwa, na tarakimu haina huruma: ikikosewa mkunjo mmoja inakuwa tarakimu nyingine. Maji ya sentimita 84 yangemfika mjomba mapajani, na kwenye picha magoti yake yanaonekana makavu. Mwalimu wa fizikia angeliona. Mwalimu aliyechoka asingeliona.

Ukitaka kujua uhariri umegusa wapi, usitegemee macho. Weka picha mbili zenye ukubwa sawa, ya asili na ya mwisho, tabaka moja juu ya jingine, kisha tabaka la juu ulipe hali ya `Difference`, ipo kwenye GIMP na Photoshop. Pale ambapo hakuna kilichobadilika panakuwa peusi, palipoguswa panawaka. Kwa anayependa kuandika amri, ImageMagick inafanya kazi hiyo:

```
composite -compose difference asili.png mpya.png tofauti.png
```

Picha yetu iliwaka kila mahali kidogo, hiyo ni kawaida ukiongeza ukali, lakini kwenye tarakimu za fito iliwaka kama taa. Tukaitupa. Picha ya asili tukaiongezea mwanga tu, sawasawa kwa picha nzima, na hilo akaliandika.

Tofauti ya shule na wateja wale wawili ni kwamba msomaji wa mradi ni mmoja, anajulikana, na anashika karatasi mkononi. Karatasi haipigwi skrinshoti na kusambazwa. Kwa hiyo maelezo ya chini, yaliyofeli kwenye habari na yasiyo na nafasi kwenye tangazo, hapa ndiyo njia bora, na yanaweza kuwa marefu. Mwalimu anataka kujua kazi ya mwanafunzi inaishia wapi na ya programu inaanzia wapi. Tamko la neno moja halimjibu.

Kwa picha ya mfereji msafi tuliweka picha mbili kando kwa kando, ukubwa sawa, ya leo kushoto na ya kubuni kulia. Juu ya ile ya kulia, kwa herufi kubwa, neno "MAKISIO". Chini yake aliandika mwenyewe, kwa Kiswahili kwa kuwa mradi aliuandika kwa Kiswahili: "Picha ya kulia si halisi. Niliipa programu picha yangu ya kushoto na kuiambia iondoe taka na kushusha maji. Kina cha mfereji kwenye picha ya kulia kimebuniwa na programu, sikukipima. Vipimo vyangu vyote vinatoka kwenye picha ya kushoto na daftari langu." Sentensi ya tatu mimi sikuifikiria. Niliiona picha, nikaona mfereji safi. Yeye aliona kwamba programu imechora sakafu ya mfereji ambayo hakuna mtu amewahi kuiona chini ya matope yale.

Mwalimu aliirudisha kazi mara moja. Hakuwa na neno kuhusu picha ya kulia. Alitaka faili la picha ya kushoto, litumwe kama hati.